"Ina hati, inagusa ziwa": dhana potofu katika tangazo la nyumba ya Luchelele lililotafsiriwa kwa mnunuzi wa ng'ambo

Tangazo lililoletwa mezani kwangu Julai 2025 lilikuwa fupi: "Nyumba ya vyumba vinne inauzwa Luchelele, Mwanza. Ina hati. Kiwanja mita za mraba 1,800, kinagusa ziwa. Umeme na maji vipo. Bei maelewano." Lilikuwa limekwisha kutafsiriwa mara moja kwa Kijerumani na kutumwa kwa mume na mke wastaafu walioko Ujerumani, nao walikuwa wamejibu kwa maswali mengi kiasi kwamba dalali aliomba tafsiri ipitiwe upya. Niliposoma tafsiri ile ya kwanza nilikuta mambo mawili ambayo Kiswahili hakikuyasema. "Ina hati" ilikuwa imegeuka kuwa mali ya milele ya mnunuzi, nyumba pamoja na ardhi yake. Na "kinagusa ziwa" ilikuwa imegeuka kuwa ufukwe wa binafsi. Dhana zilizo hapa chini zilitokana na maswali ya wazee hao, na majibu yake ni yale niliyoyathibitisha kabla ya kuandika tafsiri ya pili.

Dhana: Anayenunua kiwanja chenye hati ananunua ardhi yenyewe, moja kwa moja na milele.

Ukweli ni kwamba nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Umiliki wa milele wa aina ya Kiingereza, ambao wakoloni waliwapa walowezi wachache, ulifutwa mwaka 1963 na kugeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Baadaye upangaji huo nao uligeuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi, ambayo ndiyo tunayoijua leo chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kinachouzwa, kwa hiyo, ni haki ya kuitumia ardhi kwa muda ulioandikwa kwenye hati, kwa matumizi yaliyoandikwa humo, na kwa masharti kama vile kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Muda huo mara nyingi huwa miaka 33, 66 au 99. Mtafsiri akichukua neno la Kijerumani linalotumika kwa mali ya milele na kuliweka hapo, amekwisha kuuza kitu ambacho mwenye nyumba hana.

Katika hati ya nyumba hii muda ulikuwa miaka 33 kuanzia tarehe 1 Januari 2001. Maana yake unakwisha tarehe 31 Desemba 2033, na wakati wa mauzo ilikuwa imebaki miaka minane na miezi michache. Mmiliki anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini mnunuzi ana haki ya kuona namba hiyo ndani ya tangazo, kwa sababu ina uzito katika bei kuliko idadi ya vyumba.

Dhana: Neno "hati" lina maana moja.

Hapa ndipo ninapowaomba watafsiri wenzangu wasimame kidogo. Katika mazungumzo ya madalali wa Mwanza, "ina hati" husemwa kwa karatasi zisizopungua tano, na kila moja ina nguvu yake. Ipo hati ya kumiliki ardhi iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ipo barua ya toleo, ambayo watu huiita "ofa", na ambayo ni hatua ya kuelekea kwenye hati. Ipo leseni ya makazi, inayotolewa kwa muda mfupi katika maeneo ya mjini yaliyojengwa bila mpango. Ipo hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji kwa ardhi ya kijiji, nayo mgeni wa nje ya nchi hawezi kuipata. Mwisho ipo hati ya mauziano, yaani makubaliano ya wauzaji na wanunuzi yaliyopigwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, ambayo inathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana mbele ya mashahidi, lakini haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Lugha ya mnunuzi kwa kawaida haina majina matano yanayolingana na haya. Njia niliyoifuata ni kuliacha jina la Kiswahili kama lilivyo, kisha kuongeza sentensi moja inayoeleza nani aliitoa karatasi hiyo, kwa muda gani, na imesajiliwa wapi. Nilimwomba dalali picha ya ukurasa wa kwanza, na nikaandika namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu na matumizi yaliyoruhusiwa, ambayo yalikuwa makazi tu. Wazee wale walikuwa na nia ya kupangisha vyumba kwa wageni, kwa hiyo neno hilo moja liliwaonyesha kwamba kungehitajika pia maombi ya kubadili matumizi.

Kuhusu msemo "hati safi", usitafsiriwe kabisa kabla ya upekuzi. Upekuzi rasmi huombwa kwa Msajili wa Hati katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa kwa kutumia namba ya hati, na majibu yake huonyesha jina la mmiliki wa sasa pamoja na rehani au kavieti, yaani zuio la kuhamisha umiliki, iliyoandikishwa. Nakala iliyo mikononi mwa muuzaji haiwezi kuonyesha kavieti iliyowekwa wiki iliyopita.

Dhana: Mgeni akilipa bei kamili, au akifungua kampuni, ardhi inaandikwa kwa jina lake.

Sheria ya Ardhi haimruhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kampuni ambayo wenye hisa nyingi si raia huhesabiwa nayo kuwa si raia, hata kama imesajiliwa hapa nchini. Kwa mradi ulioidhinishwa, mwekezaji hupata haki inayotokana na ile inayoshikwa na mamlaka ya uwekezaji, ambayo tangu mwaka 2025 ni TISEZA iliyorithi kazi za TIC. Haki hiyo huitwa hakimiliki isiyo asili. Nyumba ya kupumzikia uzeeni si mradi wa uwekezaji. Dalali alipendekeza kwa barua kwamba nyumba iandikwe kwa jina la rafiki Mtanzania. Nilikataa kuitafsiri barua hiyo, kwa sababu daftari la Msajili lingemtambua rafiki peke yake, na wazee wale wangebaki na stakabadhi za benki tu.

Dhana: Kiwanja kinachogusa ziwa kina ufukwe wake.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Watu wengi huijua namba hiyo kwa kuisikia, lakini wachache huenda nayo uwanjani wakiwa na utepe wa kupimia. Sisi tulikwenda nao mwezi Agosti, mimi, dalali na mpima ardhi aliyesajiliwa, kwa niaba ya wanunuzi.

Ramani ya hati ilionyesha kiwanja chenye upana wa mita 30 na urefu wa mita 60 kutoka barabarani kuelekea ziwani. Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta bikoni zote nne, yaani alama za mipaka. Tatu zilionekana, ya nne, upande wa ziwa, ilikuwa imefukiwa na mawe ya ukuta wa jirani, na mpima aliifukua mahali ambapo vipimo vya ramani vilimwelekeza. Kutoka bikoni za upande wa ziwa hadi majini palikuwa na mita 22 zaidi. Kwa maneno mengine, kiwanja hakikugusa ziwa hata kidogo, na sehemu ile ya mchanga iliyopendeza kwenye picha haikuwa ya muuzaji.

Mita 60 zikihesabiwa kutoka majini, zilimaliza zile 22 za nje na kuingia mita 38 ndani ya kiwanja. Sehemu iliyobaki huru ilikuwa mita 22 kwa 30 upande wa barabara, yaani mita za mraba 660 kati ya 1,800 zilizotangazwa. Ukuta wa mbele wa nyumba, iliyojengwa mwaka 2006, ulikuwa mita 40 kutoka majini, hivyo uko ndani ya eneo lililozuiwa kwa mita 20.

Agosti, hata hivyo, ni kiangazi. Ziwa Victoria kwa kawaida huwa juu zaidi mwezi Mei na Juni, baada ya masika, na mwezi Mei 2020 lilipanda kupita kiwango kilichokumbukwa cha mwaka 1964. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu mwaloni nilimwamkia shikamoo na kumuuliza maji ya mwaka ule yalifika wapi. Alinyoosha mkono kuelekea mwembe uliokuwa mita nane ndani ya bikoni. "Marahaba, mwanangu. Mwaka ule mitumbwi tuliifunga kwenye shina hilo." Ukianzia mwembe huo, mita 60 zinakimaliza kiwanja chote na kutokea ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana nashauri mnunuzi asiridhike na siku moja ya kutazama, aangalie alama za maji kwenye kuta na mashina ya miti, aulize majirani wa siku nyingi, na aombe ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, imwonyeshe mstari unaotambulika kabla ya kulipa chochote.

Dhana: "Umeme na maji vipo" humaanisha nyumba imekamilika.

Umeme ulikuwapo, na namba ya mita ya LUKU ililingana na jina la mmiliki. Maji yalikuwa ya pampu kutoka ziwani, si ya bomba la MWAUWASA, kwa hiyo tafsiri ilipaswa kusema hivyo. Swali ambalo halikuwa kwenye tangazo ni maji machafu yanakwenda wapi. Ardhi ya Mwanza ni mawe, na mahali pengi shimo la kunyonya maji ya karo hugonga mwamba kabla halijafika kina kinachotosha. Nyumba hii karo lilikuwa limechimbwa kina kifupi upande wa chini, kuelekea ziwani, mita chache tu kutoka pampu inayovuta maji ya kunywa. Majani mabichi yaliyostawi katikati ya kiangazi mahali pamoja tu ndiyo yaliyotuonyesha lilipo.

Dhana: Sahihi ya mtu ambaye jina lake liko kwenye hati inatosha.

Ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inahitaji ridhaa ya mwenza, hata kama jina lake halimo. Mke wa muuzaji anaishi Sengerema na hakuwa amejulishwa.

Tafsiri ya pili ilitumwa Septemba, na Kiswahili chake ni hiki: "Haki ya kumiliki ardhi kwa muda unaoisha Desemba 2033, iliyosajiliwa, kwa matumizi ya makazi, haihamishiki kwa asiye raia nje ya utaratibu wa uwekezaji. Kiwanja mita za mraba 1,800, mita 22 kutoka maji ya Agosti 2025. Mita za mraba 1,140, pamoja na sehemu ya nyumba, ziko ndani ya mita 60 za ziwa. Maji ya pampu, karo la kina kifupi. Ridhaa ya mwenza bado." Dalali aliisoma mara mbili, akapunguza bei, na kumpigia simu muuzaji aende Sengerema kuzungumza na mkewe kwanza.