Mfumo wa Mazungumzo Unapomkabidhi Mteja kwa Mhudumu

Chukua mtu aliyetuma pesa benki kwa simu, kisha akagundua kwamba tarakimu mbili za mwisho za akaunti amezipindua: alitaka 37, akaandika 73. Anafungua dirisha la msaada na kuandika kwamba pesa zimekwenda kwa mtu asiyemjua. Anayempokea ni mfumo wa kujibu ujumbe unaoendeshwa kwa akili bandia. Mfumo huo unaweza kumweleza mambo mengi, lakini jambo analolihitaji, yaani zuio la fedha zile kabla mpokeaji hajazitoa, kwa kawaida ni uamuzi wa mtu mwenye mamlaka. Kila dakika anayozungushwa kwenye maelezo ya jumla ni dakika ambayo pesa zinaweza kutolewa.

Taasisi nyingi huweka sharti moja tu la kumpeleka mteja kwa mhudumu: mfumo ukishindwa kuelewa mara mbili au tatu mfululizo, mazungumzo yahamishwe. Sharti hilo linafaa, ila lina tundu kubwa. Mfumo unaoelewa vibaya huku ukijiamini hauhesabu kwamba umeshindwa. Mteja wetu akiandika "nimetuma pesa kwa akaunti siyo", unaweza kumpa maelezo ya jinsi ya kutuma pesa. Akiandika "nataka zirudi", unampa utaratibu wa kurudisha bidhaa aliyonunua. Akisema "zuieni", unamwonyesha jinsi ya kufunga kadi. Majibu matatu, yote nje ya shabaha, na kwenye hesabu ya mfumo hakuna kosa hata moja. Ndiyo maana tunashauri kipimo cha pili: mteja akirudia haja ileile kwa maneno tofauti, au akipewa jibu ambalo ameshapewa, hiyo ihesabiwe kuwa ni kushindwa, hata kama mfumo unaona umejibu.

Yapo pia mambo yasiyopaswa kusubiri kushindwa kokote. Fedha zinazoendelea kupotea, dalili za utapeli, hatari kwa afya au usalama wa mtu, na ombi la wazi la kuzungumza na binadamu. Hili la mwisho lisijadiliwe. Mtu akiomba mhudumu, kumrudisha kwenye orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara ni kumfungia mlango, na akipata mhudumu baada ya hapo atafika na hasira ambazo hakuanza nazo.

Wasimamizi hutuuliza: tukiwahamisha mapema hivyo, wahudumu hawatapokea watu wasio na taarifa yoyote? Wasiwasi huo una msingi, na ufumbuzi wake uko kwenye mpangilio wa hatua. Mweke mteja kwenye foleni kwanza, kisha mfumo umuulize anaposubiri. Kwa mteja wetu maswali matatu yanatosha: namba ya muamala, akaunti aliyokusudia, na saa aliyotuma. Mhudumu akipatikana kabla maswali hayajaisha, aingie palepale na yaliyobaki ayaulize mwenyewe. Foleni nayo iwe ile sahihi. Kumpeleka kwenye dawati la maswali ya jumla, ambako mhudumu hana ruhusa ya kuzuia fedha, ni kusababisha tu uhamisho wa pili.

Sasa kuhusu mzigo unaohamishwa. Kumwachia mhudumu mazungumzo yote bila muhtasari ni kumtaka asome kurasa nzima wakati mteja anangoja, na matokeo yake huanza na sentensi ambayo kila mtu anaijua: "Naomba unieleze tatizo lako." Muhtasari mzuri husomeka kwa sekunde chache. Kwa mteja wetu ungekuwa hivi:

"Ametuma 450,000 kwa akaunti isiyo sahihi saa 4:12 asubuhi, alikusudia akaunti inayoishia 37, ameandika 73. Anaomba fedha zizuiwe kwa mpokeaji. Utambulisho wake umethibitishwa saa 4:20. Kumbukumbu zinaonyesha muamala umekamilika. Alielekezwa kubatilisha mwenyewe, ikashindikana kwa sababu hiyo. Hajaahidiwa kurejeshewa. Uamuzi unaosubiriwa: zuio."

Tazama jinsi madai yalivyotenganishwa na yaliyothibitishwa. Kwamba alikusudia 37 ni maelezo ya mteja. Kwamba muamala umekamilika ni jambo lililosomwa kwenye kumbukumbu. Mifumo ya akili bandia inapofupisha mazungumzo huwa na tabia ya kuyachanganya haya mawili, na wakati mwingine huongeza jambo ambalo hakuna aliyelisema. Kwa hiyo taarifa ngumu kama kiasi, saa na hali ya muamala zivutwe moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu, na muhtasari ufungamane na mazungumzo kamili ili mhudumu akitilia shaka neno lolote aweze kulirejea.

Kipengele cha ahadi ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho kinacholeta madhara makubwa. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria aliyeambiwa na mfumo wa mazungumzo wa shirika la ndege la Air Canada kwamba angeweza kuomba nauli nafuu ya msiba baada ya kukata tiketi, kinyume na utaratibu wa shirika hilo. Shirika lilidai kwamba mfumo ule ulipaswa kubeba wajibu wa maneno yake wenyewe. Baraza likakataa, na shirika likatakiwa kumlipa abiria. Neno la mfumo wako ni neno lako. Mhudumu asiyejua mteja ameshaambiwa nini atamwambia kinyume chake dakika mbili baadaye, na mteja atakuwa na ushahidi wa yote mawili kwenye simu yake.

Kuna pia visivyostahili kuhamishwa. Mteja mwenye hofu anaweza kuandika namba yake ya siri bila kuulizwa. Mfumo uifiche kabla mazungumzo hayajamfikia mhudumu, na kwenye muhtasari ibaki tu kwamba utambulisho umethibitishwa, kwa njia gani na saa ngapi. Hilo pia linamwepusha mteja na maswali yaleyale ya utambulisho kwa mara ya pili, isipokuwa kama zuio lenyewe linadai uthibitisho wa juu zaidi.

Mhudumu akishaingia, mfumo unyamaze. Tumeona mazungumzo ambayo mhudumu anaandika jibu la makini huku mfumo ukitupia matangazo ya huduma katikati, na mteja hajui amjibu nani. Na pale ambapo hakuna mhudumu kazini, mteja aambiwe hivyo waziwazi, apewe namba ya kumbukumbu na muda halisi wa kupigiwa. Kwa mambo kama fedha zinazopotea, lazima pawe na njia ya saa zote, hata kama ni zuio la muda linalowekwa kabla mtu hajalipitia.

Msimamizi anayetaka kujua kama makabidhiano yake yanafanya kazi asome ujumbe wa mwanzo wa mhudumu katika sampuli ya mazungumzo yaliyohamishwa. Ujumbe huo ukiuliza jambo ambalo mteja ameshalisema, muhtasari haukufika au haukusomwa. Asitegemee idadi ya mazungumzo yaliyoishia kwa mfumo bila kufika kwa mtu, kwa sababu mteja aliyekata tamaa na kuondoka huhesabiwa humo sawa na aliyesaidiwa. Aangalie ni wangapi wanarudi na tatizo lilelile ndani ya siku chache.

Na wewe unayetafuta msaada: eleza haja yako kwa sentensi moja, omba mhudumu kwa maneno ya wazi, na usiandike namba ya siri hata ukiombwa. Mhudumu akiingia, mwombe akusomee kilichoandikwa kuhusu tatizo lako na urekebishe penye kosa. Ukiambiwa upige simu, dai kwanza namba ya kumbukumbu, maana mara nyingi muhtasari wa dirisha la ujumbe haumfikii anayepokea simu.