Kuwasha kwenye sifuri hakuui mpito

Nimeisikia tena, safari hii kwa kijana aliyetumwa kufunga kapasita za pawafekta kwenye godauni moja kule Shimanzi, Mombasa. "Mkubwa, tumeweka rilei inayowasha volti ikipita sifuri, kwa hivyo mpito hakuna." Aliyasema kwa utulivu wa mtu anayekwambia leo ni Jumatano. Mpito ni ule mtikisiko wa muda unaotokea ukishawasha, kabla mkondo haujatulia. Na kila kapasita pale ina koili mbele yake, mfululizo, ya kuzuia harmoniki, yale mawimbi ya masafa ya juu yanayochafua stima. Nikanyamaza, maana mwenye mali alikuwa kasimama hapo hapo. Hapa sinyamazi.

Imani hii haikutoka hewani. Chukua kapasita peke yake, tupu, bila koili. Ukiiwashia volti ikiwa kileleni unailazimisha iruke kutoka sifuri hadi kilele papo hapo, na mkondo utakaopita unazuiwa na waya tu. Ukiwasha kwenye sifuri, volti ya stima na ya kapasita zinakutana zikiwa sawa, na hakuna kinachoruka. Sawa kabisa. Lakini muulize fundi wa transfoma, atakwambia kinyume: sifuri ndiyo saa mbaya kuliko zote, washa kileleni. Naye yuko sawa, kwa sababu mkondo tulivu wa koili hupita sifuri pale volti inapokuwa kileleni. Sasa wewe umeweka koili na kapasita kwenye mstari mmoja, kisha umeazima kanuni ya mmoja na kumsahau mwenzake.

Saketi yenye kinzani R, koili L na kapasita C mfululizo ni mlinganyo wa daraja la pili wa chaji q, na mkondo i ndio kasi ya badiliko la hiyo q:

```
L·q'' + R·q' + q/C = E·cos(ωt + θ)
```

E ni kilele cha volti ya stima, ω ni kasi ya wimbi lake, na pembe θ ndiyo saa uliyowasha. Daraja la pili maana yake saketi ina kumbukumbu mbili, chaji iliyo kwenye kapasita na mkondo ulio kwenye koili, na hakuna hata moja inayokubali kuruka. Jibu ni jumla ya vipande viwili. Kipande tulivu, qs, ni wimbi la masafa ya stima, 50 Hz, linaloendelea muda wote stima ipo, na mkondo wake ni is. Kipande cha mpito ni jibu la mlinganyo huo huo upande wa kulia ukiwa sifuri:

```
qm = e^(-αt) · (A·cos ωd·t + B·sin ωd·t)
α = R/(2L)    ω0² = 1/(LC)    ωd² = ω0² - α²
```

Hii ni pale ω0 inapoizidi α, yaani saketi inapotikisika. Hali nyingine mbili naziruka, kwenye kapasita za pawafekta sijazikuta.

Hapa ndipo watu wanaponichosha. Tazama α na ωd: hakuna θ ndani yake, wala E, wala rilei yako ya bei ghali. Mpito unatikisika kwa masafa ya saketi yenyewe na unafifia kwa kasi ya saketi yenyewe. Stima na saa ya kuwasha vinaingia mahali pamoja tu, kwenye A na B, na hizo zinatafutwa kwa swali moja: hali tulivu ilitaka saketi iwe wapi wakati t = 0, na kwa kweli ilikuwa wapi? Tofauti hiyo ndiyo deni, na mpito ndio unaolilipa. A ni deni la chaji, q(0) − qs(0). Deni la mkondo, i(0) − is(0), linaingia kwenye B. Ukitaka mpito usiwepo, madeni yote mawili yawe sifuri kwa wakati mmoja.

Tuhesabu basi. Chukua transfoma ya 12 V, kilele chake 17 V. Koili 0.1 H, kapasita 10 µF, ukinzani wote pamoja na waya wa koili 10 Ω. Swichi iweke upande wa 12 V, la sivyo utachanganya mpito wa saketi na ule wa transfoma yenyewe. Kapasita iwe ya feni au mota, isiyo na chanya na hasi.

Kwa namba hizo ω0 ni 1000 rad/s, kama 159 Hz, na α ni 50 kwa sekunde, yaani mpito unabaki na 37% yake kila baada ya 20 ms. Kwenye 50 Hz koili inapinga kwa 31 Ω na kapasita kwa 318 Ω, hivyo mkondo tulivu una kilele cha 59 mA na kapasita inafika 18.9 V. Naam, inazidi 17 za transfoma, koili inaisukuma. Kapasita ndiyo inayotawala hapa, kwa hiyo mkondo unaitangulia volti kwa karibu nyuzi 88. Nitazifanya 90 ili tusisumbuane.

Washa volti ikiwa kileleni. Wakati huo hali tulivu inataka kapasita iwe na 18.9 V na mkondo uwe sifuri. Mkondo hauna deni, kapasita ni tupu, deni lake ni 18.9 V zote. Mpito unaanza na ukubwa huo, na ukiugeuza kuwa mkondo, yaani C mara ω0 mara 18.9, unapata karibu 189 mA. Ni mara tatu ya mkondo tulivu, na zikijumlishwa kilele kinapita 200 mA. Volti ya kapasita nayo inafika kama 27 V ndani ya 3 ms. Mpaka hapa kijana wa Shimanzi anatabasamu.

Sasa washa kwenye sifuri. Hali tulivu inataka kapasita iwe na karibu 0 V, na ni tupu, safi. Lakini inataka mkondo uwe kileleni, 59 mA, na mkondo kwenye koili ni sifuri! Deni ni 59 mA, na mpito unaanza na 59 mA zile zile kwa upande wa pili. Haukufa. Umepungua, kutoka 189 hadi 59, na ukipima kwa nishati umebaki kama moja ya kumi. Ni faida kubwa, na kama kijana angesema "mpito umepungua" ningemnunulia kahawa. Alisema hakuna.

Wala usihangaike kutafuta pembe ya katikati. qs ni wimbi, na is ni kasi ya badiliko la wimbi hilo hilo. Moja ikiwa sifuri nyingine iko kileleni. Hakuna θ inayozifanya zote mbili sifuri. Kwa hiyo saketi iliyoanza tupu, bila chaji na bila mkondo, haiwashiki kwa stima ya wimbi pasipo mpito wowote. Rilei iwe ya aina gani, wewe unachagua ukubwa tu.

Njia ipo, lakini si ya rilei. Chagua saa ambayo is ni sifuri, na kapasita uikute ishachajiwa kiasi kile kile inachotakiwa. Kwa saketi yetu, ichaji kwanza hadi 18.9 V kwa alama sahihi, halafu washa volti ikiwa kileleni, upande ule ule. Madeni yote mawili yamekwisha na wimbi linaanza kana kwamba lilikuwepo tangu jana. Mitambo inayowasha kapasita kwa thairista, swichi za kielektroniki zisizo na kontakti, hufanya kazi kwa wazo hili. Ukikosea alama, deni linakuwa mara mbili, 38 V, kwa hiyo usijaribu kwa kubahatisha.

Jambo jingine, wengi wakisikia mpito wanafikiria mruko. Badilisha kapasita uweke 100 µF. Sasa ω0 ni 316 na stima ni 314, saketi imekaribia kabisa mwangwi wake, na mkondo tulivu unakuwa 1.7 A. Washa kwenye sifuri. Mkondo hauna deni, lakini kapasita inalo deni lote, 54 V, na mpito unaenda kinyume na wimbi tulivu kwa masafa karibu yale yale. Unachokiona ni mkondo unaoota polepole kutoka sifuri, kilele chake kikifika kama 63% baada ya 20 ms. Hakuna mruko hata mmoja, na mpito umejaa tele. Anayetafuta mpito kwa kutazama mkondo ulioruka ataapa kwamba haupo.

Sasa niseme yanayonikera mimi mwenyewe. Osiloskopu haijawahi kuonyesha vipande viwili. Inaonyesha jumla, na kutenganisha ni kazi ya kalamu. Tunaweza kutenganisha kwa sababu R inaua kimoja na kukiacha kingine. R ikiwa sifuri kabisa hakuna kinachokufa, na sijui kwa haki gani tungeita wimbi moja tulivu na lingine mpito, zaidi ya kwamba moja lina masafa ya stima. Na hata R ikiwepo, hali tulivu inaanza lini? Tumezoea kusema baada ya mara tano ya 1/α, hapa 100 ms, kwa sababu kinachobaki hakifiki 1%. Ni makubaliano tu. Kwa kifaa kinachojali elfu moja ya volti ningengoja zaidi.

Namba yangu ya α nayo usiiamini sana. Multimita inakupa ukinzani wa waya kwa mkondo usiobadilika, lakini koili yenye chuma inapoteza nishati zaidi kwenye 159 Hz, hivyo mtikisiko halisi hufifia haraka kuliko hesabu. Na huku pwani kwenye chumvi, kontakti zikiota kutu, hizo nazo zinaongeza ukinzani wao.

Ukitaka kujipimia, rudisha ile kapasita ya 10 µF, weka kinzani cha 1 Ω kwenye mstari na usome volti yake kwa osiloskopu, ikinasa mara moja tu unapowasha. Kwa hali tulivu utaona kilele cha 59 mV. Washa mara kadhaa, kila mara kwa pembe tofauti, kisha pima muda kati ya kilele na kilele cha mtikisiko ule wa haraka. Ukubwa wake utabadilika kila mara, lakini muda ubaki karibu 6.3 ms. Muda ukifupika kila mtikisiko unapokuwa mkubwa, chuma cha koili kinashiba, L si 0.1 H tena, na mlinganyo niliouandika juu haufai. Punguza volti, au tafuta koili ya hewa, uanze upya.