Kuhakiki si kurudia hesabu: namna ya kumfundisha mwanafunzi kusimamia fikra zake

Mwalimu yeyote aliyewahi kuwaambia wanafunzi "hakikini kazi zenu kabla ya kukusanya" anajua kinachofuata. Vichwa huinama, kalamu hupita juu ya mistari iliyokwisha kuandikwa, na baada ya dakika moja madaftari hukusanywa yakiwa na makosa yaleyale. Kwa miaka mingi niliamini kwamba huo ulikuwa uvivu. Nilipoanza kuwauliza wanafunzi wangu wa hisabati, mmoja mmoja, walikuwa wamefanya nini katika dakika ile, nilikuta kwamba wengi wao walikuwa wamehakiki kweli, ila kwa namna pekee waliyoijua: walikuwa wamerudia hesabu ileile kwa njia ileile, na wakapata jibu lilelile. Nilikuwa nimewaamuru kuhakiki bila kuwafundisha jinsi ya kuhakiki.

Uwezo wa mtu kuzitazama fikra zake na kuziongoza huitwa metakognisheni, dhana iliyoenea kutokana na kazi za mwanasaikolojia John Flavell katika miaka ya 1970. Walimu huigawa katika kupanga kabla ya kazi, kufuatilia wakati wa kazi, na kuhakiki baada ya kazi. Sehemu ya kwanza sitaikalia sana, kwa kuwa mpango huandikwa na mwalimu anaweza kuusoma. Taabu iko katika kufuatilia, jambo linalotendeka kimya ndani ya kichwa cha mwanafunzi, na katika kuhakiki, ambako watu wengi hudhani kunajulikana.

Nitalieleza jambo hili kwa swali moja ambalo nimelitumia darasani mara nyingi. Gari linasafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa mwendokasi wa kilomita 60 kwa saa, kisha linarudi kwa njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Je, wastani wa mwendokasi wake kwa safari nzima ni upi? Wanafunzi wengi hujumlisha 60 na 40, hugawanya kwa 2 na kuandika 50. Jibu hilo si sahihi, lakini ukimwambia aliyeliandika ahakiki, atajumlisha tena 60 na 40, atagawanya tena kwa 2, na imani yake katika 50 itazidi kuwa thabiti. Kosa halimo katika kujumlisha wala katika kugawanya, bali katika uamuzi uliofanywa kabla ya kalamu kugusa karatasi, na uamuzi huo haukuandikwa popote ili uweze kurejewa.

Kwa hiyo siku ya kwanza simpi mwanafunzi swali hili alifanye. Nalifanya mimi ubaoni huku nikifikiri kwa sauti, nami huhakikisha kwamba sauti hiyo inabeba hata kishawishi cha kukosea. Husema maneno kama haya: "Swali linataka wastani, na hapa pana namba mbili. Tayari mkono wangu unataka kujumlisha na kugawanya kwa 2. Ngoja kwanza. Wastani wa mwendokasi maana yake ni nini? Ni umbali wote ukigawanywa kwa muda wote. Je, nimepewa umbali? Hapana. Nimepewa muda? Hapana. Basi zile 60 na 40 si vitu ninavyoweza kuvitafutia wastani hivihivi. Lakini kabla sijaendelea, naweza kukisia kitu. Umbali wa kwenda na wa kurudi ni sawa, kwa hiyo gari lilikaa barabarani muda mrefu zaidi lilipokwenda polepole. Wastani utavutwa upande wa 40. Nakisia jibu litakuwa juu ya 40 na chini ya 50." Kisio hilo naliandika pembeni mwa ubao na kulizungushia duara, kwa sababu ndilo litakalokuwa shahidi baadaye.

Hapo ndipo nafanya hesabu. Najichagulia umbali unaogawanyika kwa urahisi, tuseme kilomita 120 kwenda na 120 kurudi. Kwenda kunachukua saa 2, kurudi kunachukua saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5, na wastani ni 48. Nalitazama lile duara: 48 imo ndani ya kisio. Bado sijahakiki, kwa maana ule umbali niliuchagua mwenyewe na huenda umenibeba. Najaribu kilomita 60: saa 1 kwenda, saa 1.5 kurudi, kilomita 120 kwa saa 2.5, na wastani ni 48 tena. Mwisho nalirudia lile jibu lililokuwa likinishawishi na kuliuliza lijitetee. Kama wastani ungekuwa 50, kilomita 240 zingechukua saa 4.8, ilhali gari limetumia saa 5. Jibu la 50 limeanguka, na limeangushwa na njia isiyofanana na ile iliyolizaa.

Hiki ndicho ninachotaka mwanafunzi ajifunze kuhusu kuhakiki: njia ya kuhakiki inapaswa kuwa na uwezo wa kulikataa jibu. Njia ileile iliyoleta jibu haina uwezo huo, isipokuwa kwa makosa ya mkono, kama vile kusahau alama ya kutoa. Kwa makosa ya uamuzi inahitajika njia nyingine, na aghalabu huwa mojawapo ya hizi: kisio lililoandikwa mapema, namba nyingine rahisi, au kulirudisha jibu ndani ya swali na kuona kama swali linalikubali.

Kuhusu kufuatilia, msaada mkubwa niliupata kwa Alan Schoenfeld, mtaalamu wa ufundishaji wa hisabati nchini Marekani. Aliwarekodi wanafunzi wa chuo wakikabili maswali wasiyoyazoea, akaona mtindo uliojirudia mno: walisoma haraka, walichagua njia, kisha waliing'ang'ania mpaka dakika 20 zikaisha, hata pale njia ilipokuwa haiwafikishi popote. Wengi wao hawakukosa maarifa. Walichokosa ni kusimama na kujiuliza. Katika masomo yake alizoea kuzunguka kwenye vikundi akiuliza maswali matatu: Unafanya nini hasa? Kwa nini unafanya hivyo? Kitakusaidiaje? Mwanzoni wanafunzi hubabaika, maana swali la kwanza pekee huwafichua wale ambao hawajui wanafanya nini. Baadaye huanza kuyaandaa majibu kabla mwalimu hajafika mezani, na huko kuandaa ndiko kufuatilia kwenyewe.

Nimeyatumia maswali haya kwa miaka kadhaa, na kosa langu la mwanzo lilikuwa kuyauliza pale tu nilipoona mwanafunzi amepotea. Darasa lilielewa haraka kwamba mwalimu akiuliza "kwa nini unafanya hivyo?" maana yake ni kwamba umekosea, wakawa wanafuta kazi yao hata kabla sijamaliza sentensi. Sasa nawauliza walio sahihi na waliokosea kwa sauti ileile, tena walio sahihi zaidi, mpaka swali lipoteze harufu ya kukemea.

Katika usomaji, ufuatiliaji huharibika kwa namna nyingine. Mwanafunzi akimaliza ukurasa na kuulizwa kama ameelewa, husema ndiyo, naye hasemi uongo: maneno bado yamo kichwani, na ule wepesi wa kuyakumbuka anauchukulia kuwa ndio kuelewa. Thomas Nelson na John Dunlosky walionyesha mwaka 1991, kwa kutumia jozi za maneno, kwamba watu hukadiria kwa usahihi mkubwa zaidi watakachokumbuka iwapo wataulizwa baada ya muda kupita kuliko wakiulizwa papo hapo. Darasani nimeligeuza hilo kuwa utaratibu rahisi. Baada ya aya ndefu ya sayansi, tuseme inayoeleza jinsi mvuke unavyogeuka kuwa matone, wanafunzi hufunga kitabu na kufanya zoezi jingine kwa takribani dakika 10. Kisha, bila kufungua, huandika sentensi moja ya sababu: kwa nini mvuke uligeuka? Ni baada ya hapo tu ndipo kila mmoja hujipa alama ya uhakika. Wale ambao wangesema "nimeelewa" dakika 10 kabla hujikuta wanakumbuka maneno mvuke, baridi na matone bila kamba inayoyaunganisha. Anayeandika "mvuke hupoa ukawa matone" anajua kinachotokea. Anayeongeza kwamba hewa inapopoa huweza kubeba mvuke mchache zaidi amefika kwenye sababu, na tofauti hiyo anaiona mwenyewe mbele yake.

Alama ya uhakika ina faida nyingine ikitunzwa. Naomba herufi moja kando ya kila jibu kabla ya kukusanya: H kwa hakika, W kwa wasiwasi, K kwa kubahatisha. Karatasi ikirudi, mwanafunzi hupuuza alama ya jumla kwanza na kuhesabu zile H tu. Aliyeandika H mara 8 na kupata 5 ana majibu matatu ya kuyachunguza kuliko mengine yote, kwa sababu hayo ndiyo ambayo asingejihangaisha kuyahakiki. Majibu ya W yaliyo sahihi hayastahili kupuuzwa pia: yanaonyesha mahali anapojua bila kujua kwamba anajua, na mara nyingi ndipo anapopoteza muda kwa kurudia kazi isiyo na kasoro.

Kuna mipaka. Kujisimamia hutumia nafasi ileile finyu ya akili inayohitajika kufanyia kazi, kwa hiyo mwanafunzi ambaye bado anahangaika na mgawanyo wa kawaida hapaswi kupewa swali la gari pamoja na maswali matatu ya Schoenfeld kwa wakati mmoja. Vilevile huwezi kugundua kwamba jibu halina mantiki kama huna maarifa ya kitu chenyewe. Asiyejua maana ya wastani wa mwendokasi atakisia 50, atapata 50, na kisio litamthibitishia kosa. Hapo dawa ni kufundisha wastani.

Hatari ninayoiona zaidi ninapotembelea madarasa ya wenzangu ni fomu. Mwalimu huchapa karatasi yenye visanduku vya mpango, ufuatiliaji na uhakiki, na wanafunzi huvijaza vyote baada ya kumaliza swali. Kuitambua karatasi ya aina hiyo si kazi ngumu: mpango unalingana na kazi hatua kwa hatua, kisio ni sawa kabisa na jibu, na hakuna mstari uliokatwa. Mpango wa kweli huwa na kovu. Ninapoona kisio lisemalo "kati ya 40 na 50", chini yake hesabu iliyoanza na 60 + 40, ikakatwa katikati, na pembeni neno "ngoja", najua kwamba mwanafunzi huyo naweza kuanza kumwondolea visanduku, kimoja kila wiki, nikianza na kile cha mpango.