Orodha hakiki ya bajeti ya mwezi: mweka hazina wa kikundi anakagua nini?

Orodha hakiki ni karatasi ya maswali ambayo mweka hazina anajiuliza kila mwisho wa mwezi, kwa mpangilio uleule, na kuweka alama ya vema kila anapopata jibu. Kazi yake ni kulinganisha vitu vitatu: fedha tuliyotarajia, fedha ambayo daftari linasema tunayo, na fedha iliyopo kweli. Wengi hulinganisha viwili tu, bajeti na daftari, wakaona mambo yamenyooka.

Tena watu wakisikia bajeti ya kikundi, akili inakimbilia matumizi: madaftari, nauli ya kwenda benki, soda za mkutano. Kwenye kikundi cha hisa hayo ni makombo. Sehemu kubwa ya fedha inayopita mikononi mwa mweka hazina si mapato wala matumizi. Hisa ni mali ya mwanachama, na siku ya mgao ataidai. Rejesho la mkopo ni fedha ya kikundi iliyokuwa safarini ikarudi nyumbani. Mapato yenyewe ni riba, faini na ada, basi. Kwa hiyo sanduku linaweza kujaa katika mwezi ambao kikundi hakijapata kitu, na linaweza kuwa tupu mwezi ambao kimefanya vizuri sana, kwa sababu fedha yote imetoka kwenda kwa wakopaji wanaolipa.

Tuchukue kikundi cha mfano, wanachama 25, mtindo wa VICOBA, kinachokutana kila Jumamosi. Hisa moja ni shilingi 5,000, mchango wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa, ni shilingi 1,000 kila mkutano, na mkopo unatozwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi kwenye salio. Mwezi wa Mei ulianza na mikopo ya shilingi 4,000,000 mikononi mwa wanachama, na fedha 350,000 mkononi mwa kikundi. Ndani ya hizo 350,000, za jamii zilikuwa 40,000. Mei ilikuwa na mikutano minne, na ikafungwa hivi kwenye daftari:

| | Bajeti | Daftari |
|---|---|---|
| Hisa | 1,500,000 | 1,380,000 |
| Jamii | 100,000 | 96,000 |
| Marejesho ya mikopo | 1,000,000 | 700,000 |
| Riba | 200,000 | 170,000 |
| Faini | 0 | 14,000 |
| Jumla iliyoingia | 2,800,000 | 2,360,000 |
| Mikopo mipya | 2,400,000 | 1,900,000 |
| Misaada ya jamii | 60,000 | 150,000 |
| Matumizi | 40,000 | 73,000 |
| Jumla iliyotoka | 2,500,000 | 2,123,000 |
| Salio la mwisho | 650,000 | 587,000 |

(Faini haikuwekewa makisio. Mimi ndivyo ninavyofanya: kikundi kinachopanga bajeti kwa kutegemea watu wachelewe kimeanza vibaya.)

Ukimsomea mtu mstari wa mwisho tu, atasema salio ni pungufu ya bajeti kwa shilingi 63,000, si mbaya. Mei hiyo ina matatizo manne, na mstari wa mwisho haujaonyesha hata moja.

Swali la kwanza kwenye orodha ni: fedha iliyopo ni shilingi ngapi? Ihesabiwe kabla daftari halijafunguliwa, na wahesabu wawe wawili. Sababu ni ya kibinadamu tu. Mtu anayejua kwamba anatafuta 587,000 atahesabu mpaka aipate. Noti akiirudia mara ya tatu itakuwa imeongezeka. Anayehesabu bila kujua jibu huandika anachokiona. Kwenye kikundi chetu, sandukuni zimekutwa 142,000, na kwenye laini ya simu ya kikundi 433,500. Jumla 575,500. Hapo salio la simu lisomwe na mtu asiye mweka hazina, kwenye taarifa ya miamala yenyewe, si kwa kuambiwa.

Ndipo daftari linafunguliwa. Linasema 587,000. Zimepungua 11,500.

Tofauti ndogo kama hii ndiyo inayotupotosha. Mwaka wangu wa kwanza kushika hazina nilikuta pungufu ya shilingi 4,000, nikaona aibu, nikaziba kwa fedha ya mfukoni. Mwezi uliofuata ikatokea ziada ya shilingi 4,000 ambayo hakuna aliyejua ilikotoka. Ilikuwa fedha ya mwanachama aliyelipa kwa simu, na muamala uliingia baada ya mimi kufunga hesabu. Kwa kuziba nilikuwa nimeharibu hesabu mbili badala ya moja. Pungufu huandikwa kama ilivyo, kisha inatafutwa.

Pungufu ya Mei ilipatikana kwenye sehemu mbili. Shilingi 1,500 zilikatwa wakati wa kutoa fedha kwa wakala, na hakuna aliyeziandika, kwa kuwa aliyetoa aliandika kiasi alichopokea mkononi na kusahau makato. Shilingi 10,000 zilikuwa hisa mbili zilizogongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama aliyesema, "Gongeni tu, naituma sasa hivi." Hakutuma. Muhuri upo, daftari limeandika, fedha haipo. Daftari likirekebishwa, hisa zinakuwa 1,370,000, matumizi 74,500, na salio linakaa 575,500 sawasawa na zilizohesabiwa. Mihuri miwili inafutwa mbele ya mkutano mpaka fedha ifike, la sivyo siku ya mgao watu wengine ndio watakaomlipia.

Swali la pili: kila mfuko una kiasi gani peke yake? Hapa ndipo vikundi vingi hulala. Jamii ilianza na 40,000, ikapokea 96,000, ikatoa 150,000 kwa msiba mmoja na mgonjwa mmoja. Toa, jumlisha: imebaki na hasi 14,000. Mfuko hauwezi kuwa na fedha hasi sandukuni, maana yake shilingi 14,000 zilizokwenda msibani zilikuwa za hisa. Hakuna aliyeiba, na pengine hakuna aliyegundua, kwa kuwa fedha zote zinakaa mahali pamoja na salio la jumla ni zaidi ya laki tano. Ndiyo maana vikundi vya mtindo wa kuweka na kukopa hufunga fedha ya jamii kwenye mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku lilelile. Fedha zikiwa kwenye simu, kitambaa hakipo, na daftari lenye safu ya pekee ya jamii ndilo linalobaki kuwa kitambaa. Kikundi kina njia mbili: kuandika kwamba jamii inadaiwa 14,000 na itazirudisha kwa michango ya Juni, au kupandisha mchango. Kisichofaa ni kunyamaza.

Swali la tatu ndilo kubwa, nalo ni la marejesho. Zilitarajiwa 1,000,000, zimekuja 700,000. Bajeti inasema pungufu ni 300,000, lakini hatari yenyewe ni kubwa kuliko hiyo. Fungua leja ya mikopo uone ni nani hao. Ni wakopaji watatu, kila mmoja alitakiwa kurejesha 100,000, na kila mmoja bado anadaiwa 200,000 nzima. Mtu aliyekwama kwenye rejesho la Mei anaweza kukwama na la Juni, kwa hiyo kinachotakiwa kuandikwa ni salio lote la mikopo iliyochelewa: 600,000. Mikopo yote iliyo nje mwisho wa Mei ni 4,000,000, toa 700,000 zilizorudi, jumlisha 1,900,000 zilizotoka, yaani 5,200,000. Gawanya 600,000 kwa hiyo, unapata asilimia 11.5.

Je, ni nyingi? Kwa SACCOS, kipimo cha baraza la dunia la vyama vya akiba na mikopo kinataka mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Watatu wetu huenda hawajafikisha siku 30, kwa hiyo si wakati wa kwenda kukamata mali za mtu. Ni wakati wa kuwauliza, mmoja mmoja, na kuandika tarehe waliyoahidi. Wadhamini wao nao wajue mapema, kabla ahadi haijavunjwa.

Pungufu ya riba ya 30,000 ni kivuli cha tatizo hilohilo: wakopaji watatu, 200,000 kila mmoja, asilimia 5. Haihitaji kutafutiwa sababu yake. Na mikopo mipya iliyopungua kwa 500,000 ndiyo iliyofunika yote haya, kwa sababu kikundi kilikopesha kidogo wakati uleule kilipopokea kidogo, salio likabaki kama halijaguswa.

Matumizi yamezidi karibu mara mbili, na hayo ndiyo yaliyopigiwa kelele zaidi mkutanoni. Shilingi 30,000 zilinunua vitabu vya wanachama vya mwaka mzima, vilivyopangiwa bajeti ya Julai. Hiyo ni tofauti ya wakati: fedha ilikuwa itoke, imetoka mapema, na Julai mstari huo unafutwa. Zilizobaki ni 4,500, zikiwemo zile 1,500 za wakala, nazo ni makato ya kutuma na kutoa. Hiyo ni tofauti ya kweli, kwa kuwa itarudi kila mwezi mpaka makisio yake yapandishwe. Kwenye SACCOS mambo hayaishii hapo, maana makisio hupitishwa na mkutano mkuu na mweka hazina hana mamlaka ya kuvuka kifungu kwa sababu tu ameeleza vizuri.

Swali la mwisho linaangalia mbele: makisio ya mwezi ujao bado ni ya kweli? Bajeti ya Juni ilitegemea mikopo ya 5,400,000 mikononi mwa wanachama, riba 270,000. Mikopo iliyopo ni 5,200,000, kwa hiyo riba ya Juni yenyewe haiwezi kuzidi 260,000, na wale watatu wasipolipa ni 230,000. Mweka hazina anaandika 230,000 kwa penseli pembeni ya bajeti ya zamani bila kuifuta. Mwenyekiti na wahesabu wawili wanaweka sahihi chini ya 575,500, tarehe inaandikwa, na karatasi inabanwa kwenye ukurasa wa Mei, pamoja na majina ya wakopaji watatu na zile hisa mbili zinazongojewa.