Uji mchachu wa ulezi: kikombe cha unga, vikombe sita vya maji

Swali tunaloulizwa sana kliniki kuhusu uji wa kuchachusha ni la vipimo. Kanuni ya kuanzia ni hii: kikombe kimoja cha unga wa ulezi (wimbi) au mtama kwa vikombe sita vya maji, kikombe kikiwa cha mililita 250. Wengi hukosea kwa kusahau kwamba maji ya kuloweka nayo ni sehemu ya hayo sita. Mtu akiloweka unga kwa vikombe viwili, kisha akachemsha sita vingine, amepata uji wa vikombe vinane kwa unga uleule.

Koroga unga na vikombe viwili vya maji kwenye chombo cha plastiki au chungu chenye kifuniko. Sufuria ya alumini haifai, kwa sababu uchachu huila. Ukiwa na uji mbichi uliochachuka jana, changanya vijiko viwili ili kazi iende haraka. Penye joto, siku moja yatosha. Nyanda za baridi huhitaji mbili. Uji ulio tayari una vipovu vidogo na harufu kali safi, kama ya maziwa mgando. Ukinuka uvundo, au ukiota ukungu wa kijani au mweusi, mwaga wote. Kuengua juu hakusaidii.

Chemsha vikombe vinne vilivyobaki, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, uuache utokote taratibu dakika 15.

Utapata takriban vikombe sita. Watu wazima wawili wakinywa kimoja na nusu kila mmoja, na wanafunzi watatu kimoja kimoja, sufuria imekwisha. Lakini angalia kilichomo: kila kikombe kimebeba unga usiofika vijiko vitatu vya chakula. Kwa mtu mzima atakayekula kitu kingine baadaye, si tatizo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni tatizo kubwa, maana tumbo lake linajaa kabla mwili haujapata nguvu ya kutosha, na kuchachusha hakuongezi unga.

Mtoto huyo mpikie pembeni: unga kikombe kimoja kwa maji matatu. Utakuwa mzito mno kumezeka, na hapo ndipo kimea kinapofaa. Epua, uache upoe hadi uwe vuguvugu la kuonjeka, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea cha ulezi, ukoroge. Baada ya dakika kumi hivi utaona mwiko unapita kwa urahisi, ingawa hukuongeza tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena, kwa kuwa kimea huweza kubeba vijidudu. Mimi hushauri kimea cha ulezi badala ya cha mtama, kwani machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanidi.

Mpe robo tatu ya kikombe hadi kimoja kwa mlo, na kijiko cha karanga zilizosagwa laini.