Masega Mapya, Taa Ileile: Kwa Nini P0420 Hurudi

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alituletea gari lake karakanani akiwa na risiti mbili kwenye mfuko wa nailoni. Gari ni la petroli, silinda 4, injini ya lita 2.4, limeshatembea kilomita 187,000. "Fundi, nimenunua masega mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na taa ya injini ndiyo hiyo inawaka. Nimeuziwa feki?" Masega ni lile kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi linalopunguza sumu ya moshi.

Tulimuuliza swali moja kabla ya kuchomeka mashine: kila mara, taa ilikaa muda gani bila kuwaka? Baada ya masega ya kwanza ilikaa miezi 7. Baada ya ya pili ilikaa siku 9. Tofauti hiyo peke yake ilitueleza kwamba hatutafuti kosa moja, tunatafuta mawili. Masega mapya hayachoki kwa siku 9. Taa ikirudi haraka hivyo, ama kitu ulichofungiwa hakikuwa na uwezo tangu mwanzo, ama kuna kinachoidanganya kompyuta. Ikirudi baada ya miezi, injini yenyewe ndiyo inayoyaua.

Mashine ilitoa msimbo huu:

```
P0420 Catalyst System Efficiency Below Threshold (Bank 1)
```

Maana yake ni kwamba mfumo wa masega, upande wa kwanza wa injini, unafanya kazi chini ya kiwango. Kwenye silinda 4 za mstari huo upande wa kwanza kwa kawaida ndio huohuo, hakuna wa pili. Neno la kushika hapo ni "mfumo". Kompyuta haijasema masega yamekufa, na haina njia ya kuyachungulia wala ya kupima sumu inayotoka kwenye ekzosi. Inachofanya ni kulinganisha sensa mbili za oksijeni, moja iliyo kabla ya masega na nyingine iliyo baada yake.

Ndani ya lile kopo la chuma kuna kauri yenye vitundu vingi kama sega la nyuki, ndipo jina lilipotoka. Vitundu vimepakwa platini, paladi na rodi, madini yanayogeuza gesi zenye sumu kuwa gesi zenye nafuu. Humo humo kuna seriamu, ambayo kazi yake inafanana na ya sifongo: moshi ukija na oksijeni nyingi huinyonya, ukija na oksijeni pungufu huiachia. Injini inapotembea, kompyuta huwa inayumbisha mchanganyiko kidogo kidogo, mara petroli izidi, mara hewa izidi. Sensa ya mbele inauona mtikisiko huo wote. Ya nyuma, kama sifongo ni zima, haiuoni. Gari likiwa limepata moto na linakwenda mwendo usiobadilika, volti yake hutulia, mara nyingi kati ya 0.6 na 0.7. Sifongo likichoka, mtikisiko unapenya hadi nyuma na volti inaanza kucheza kati ya 0.1 na 0.8. Kompyuta ikiona sensa ya nyuma inaiga ya mbele, inaandika P0420.

Ukishaelewa hilo utajua kwa nini kununua sensa mpya ya nyuma, ushauri unaotolewa sana gereji, mara chache huondoa msimbo huu. Sensa iliyochoka huwa nzito: inachelewa kupanda na inachelewa kushuka. Sensa nzito itafanya masega mabovu yaonekane mazima, si kinyume chake. Inayocheza haraka ni sensa iliyo hai, inasimulia inachokiona. Tatizo ni kujua inaona nini.

Kwa mwalimu tulisoma `B1S2`, ndiyo sensa ya nyuma. Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, volti ilikaa 0.65 kwa sekunde chache, ikaporomoka ghafla hadi 0.1, ikapanda tena. Tulipoishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika 3, kuporomoka kulipungua ila hakukuisha. Masega yaliyochoka huonesha mchezo wa kwenda na kurudi unaofanana na wa sensa ya mbele. Huu wa kwetu haukufuata chochote. Ulikuwa mchezo wa hewa ya nje.

Watu wengi wanadhani tundu kwenye ekzosi linatoa moshi tu. Linaingiza hewa pia. Moshi hautoki kwenye silinda kama maji ya bomba, hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba hushuka chini ya lile la nje. Hapo ndipo hewa hufyonzwa ndani kupitia tundu dogo kuliko mchwa. Sensa ikiguswa na hewa hiyo inaripoti oksijeni nyingi, na kompyuta inaamini masega ndiyo yameshindwa.

Kulitafuta tundu hakuhitaji mashine ya gharama. Injini ikiwa baridi kabisa, tulipuliza hewa kwa blowa kwenye mdomo wa ekzosi, tukazungushia kitambaa, kisha tukanyunyiza maji ya sabuni kwenye kila maungio kuanzia kichwa cha injini hadi nyuma ya sensa ya pili. Povu lilichemka kwenye flanji, pale masega yanapoungana na bomba la mbele. Tulipofungua tulikuta gasketi ya zamani imerudishwa, imebonyea upande mmoja, na kuna mstari mweusi wa masizi ulioonesha moshi ulikokuwa ukipenya. Fundi aliyefunga masega alijiokolea gasketi moja.

Tukaweka gasketi mpya na nati mpya. Hatukupaka silikoni, na ninaomba msikubali kupakiwa silikoni ya kawaida karibu na sensa: mvuke wake unaitia sumu sensa ya oksijeni.

Lakini kwa nini siku 9 na si siku 1? Hapa ndipo wengi wanapotea. Fundi akifuta msimbo, taa inazimika hapo hapo, na vipimo vya ndani vya kompyuta navyo vinarudi sifuri. Kipimo cha masega hakifanyiki kila sekunde. Kinasubiri injini ipate moto, masega yapate moto, na gari liende mwendo wa kutulia kwa muda. Tena kwa kawaida kompyuta haiwashi taa kwa kosa la safari moja, inataka ilione kwenye safari mbili. Mwalimu anaishi kilomita 3 kutoka shuleni, kwa hiyo wiki nzima kipimo hakikupata nafasi. Jumamosi alisafiri kwenda msibani, Jumapili akarudi. Taa ikawaka njiani akirudi. Gari lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, ila halikuwa limeulizwa.

Kwa hiyo usimlipe fundi kwa sababu taa imezimika. Mwombe afungue ukurasa wa vipimo kwenye mashine yake. Mbele ya `Catalyst` pakiwa pameandikwa `Incomplete`, bado hakuna anayejua kama kazi imekaa. Subiri `Complete` bila msimbo. Hata kabla ya kununua gari la mkononi ukurasa huo unafaa kuangaliwa. Muuzaji aliyefuta misimbo asubuhi atakuonesha dashibodi isiyo na taa, lakini vipimo vitakuwa havijakamilika.

Baada ya gasketi, gari lilitembea kilomita 60 za barabara kuu. `B1S2` ilitulia kwenye 0.68, kipimo kikakamilika, msimbo haukuja. Masega yale ya pili, aliyodhani ni feki, yalikuwa yanafanya kazi. Si kwamba ya bei ya chini hayana shida: mengi yamepakwa madini na seriamu kidogo sana, sifongo lake ni jembamba tangu dukani, na hayo yanaweza kuwasha taa ndani ya wiki chache hata ukifunga vizuri. Ila hilo ni la kusema baada ya kumaliza kutafuta tundu.

Lilibaki kosa la miezi 7. Masega ya kwanza hatukuyaona, fundi aliyeyafungua aliondoka nayo. (Masega yaliyokufa yana soko, kwa sababu ya yale madini. Ukibadilishiwa, ya zamani ni mali yako.) Tulimuuliza mwalimu habari za oili. "Naongeza tu nusu lita kila nikiona imepungua, si magari yote yanakula oili?" Tulijaza hadi alama ya juu ya kijiti, tukamwambia atembee kilomita 1,000 bila kuongeza. Aliporudi ilihitajika lita 0.8. Plagi ya silinda ya 3 ilikuwa na majivu meupe yaliyoganda kwenye ncha. Moshi wa buluu haukuonekana, na wala hilo halimwachii mtu huru, kwa sababu masega mazima huuchoma moshi wa oili na kuuficha. Unayaona madhara masega yakishakufa.

Oili ya injini ina viambato vya zinki na fosforasi vinavyozuia vyuma kusagana. Vikiungua na kupita kwenye ekzosi, vinaganda juu ya kauri kama rangi juu ya ukuta na kuziba madini yasiguswe na moshi. Hakuna dawa ya kumimina kwenye tangi inayobandua tabaka hilo. Zamani risasi ya kwenye petroli ilifanya uharibifu kama huo. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, lakini oili inayopenya ringi bado inaifanya kazi hiyohiyo taratibu. Kulanti inayovuja ndani ya silinda huua kwa namna inayofanana, na injini inayomisi huua haraka zaidi: petroli isiyoungua inaenda kuwaka ndani ya masega na kuyeyusha kauri. Ndiyo maana taa ya injini ikimweka badala ya kuwaka tu, unapunguza mwendo na kulisimamisha gari mahali salama.

Injini ilifunguliwa. Ringi za oili zilikuwa zimegandishwa na kaboni, na vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni vimeziba. Ringi mpya zikafungwa na sili za valvu zikabadilishwa. Gharama ilizidi ya masega yote mawili, na mwalimu hakuificha hasira yake: angeambiwa hivyo mwaka jana, asingenunua hata moja kabla ya ringi.

Tulipolipima tena baada ya kilomita 1,000, kijiti kilikuwa kimeshuka kidogo tu chini ya alama ya juu. Masega ni yaleyale ya pili.