Mbwa kaanguka, majibu ya gesi za damu yamesoma asidi: soma hivi

Mbwa akiletwa amelegea, ufizi mweupe, miguu ya baridi, kila mtu anakimbilia dripu, na ile karatasi ya gesi za damu inachapwa inabaki mezani, mtu anaangalia pH tu anasema "ana asidi" basi. Sisi huku hospitali ya wanyama tunawaomba madaktari wenzetu, na wenye mbwa wanaopewa hayo majibu mkononi, waisome mpaka mwisho, manake mara nyingi ndiyo inayokuonyesha kwanza kwa nini mbwa kaanguka, na hesabu yake ni kujumlisha na kutoa tu.

Kabla ya namba angalia sampuli ilivyochukuliwa. Kwa kutafuta asidi damu ya mshipa wa shingoni inatosha, ya ateri inahitajika zaidi ukitaka kujua oksijeni. Tatizo kubwa ni hepaini ya maji, dawa ya kuzuia damu isigande. Watu wanavuta hepaini kwenye sirinji halafu wanaiacha nyingi mle ndani, inachanganyika na damu inaishusha bikaboneti, ile inayotuliza asidi mwilini, na kalsiamu, unasoma asidi ambayo mbwa hana. Ivute, ilowanishe sirinji, isukume yote itoke. Povu la hewa litoe haraka manake linashusha kabonidayoksaidi, na damu iingie kwenye mashine ndani ya dakika chache, ikikaa chembe za damu zinaendelea kula sukari na kutengeneza laktati.

Sasa chukua mfano wa jemani shepadi jike, miaka 4, kilo 26. Wiki nzima anakula leo kesho hali, katapika mara mbili tatu, asubuhi kashindwa kusimama. Mashine imetoa hivi, pCO2 ni kabonidayoksaidi ya kwenye damu, HCO3 ni bikaboneti, Na sodiamu, K potasiamu, Cl kloraidi, Lac laktati na Glu sukari:

```
pH   7.15
pCO2 27 mmHg
HCO3 9 mmol/L
Na   128
K    7.4
Cl   98
Lac  5.2
Glu  3.3
```

pH ya mbwa mzima iko kati ya 7.35 na 7.45, kwa hiyo hii ni asidi kali. Imetoka wapi? Kama ni mapafu yameshindwa kutoa hewa, pCO2 ingepanda, hapa imeshuka. Kilichoisha ni bikaboneti, ambayo kwa mbwa tunategemea iwe kama 18 mpaka 24, huyu ana 9. Hiyo ndiyo asidi ya kimetaboliki, yaani asidi imezidi mwilini au bikaboneti imepotea, na mapafu yanajaribu kusaidia kwa kupumua haraka.

Je yanasaidia vya kutosha? Kwa mbwa, kila bikaboneti ikishuka kwa 1 tunategemea pCO2 ishuke kwa kama 0.7. Chukua 22 kama kawaida, toa 9, imepungua 13, zidisha 0.7 unapata 9. pCO2 ya kawaida ni kama 37, ukitoa 9 inabaki 28, na yeye ana 27. Mapafu yanafanya kazi yake vizuri. Ingekuwa 40 ungejua kuna tatizo la pili kwenye upumuaji. Na hapa nisisitize kitu, huyu mbwa anavyohema haraka ndivyo anavyojiokoa, ukimlaza kwa dawa ya usingizi ukamwekea mpira wa kupumulia ukaiacha pCO2 ipande mpaka 40 unayoizoea, bikaboneti ikiwa bado 9, pH yake inashuka chini ya 7.0 hapo hapo mezani.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi wanairuka, pengo la anioni. Jumlisha Na na K, kisha toa jumla ya Cl na HCO3. Kwa huyu ni 135.4 toa 107, inabaki 28 na ushee. Mbwa wa kawaida yuko kati ya 12 na 24. Pengo likipanda ujue kuna asidi ambazo hesabu yetu haizioni zimejaa humo, na kwa mbwa aliyeanguka wahusika ni wanne tu karibu kila mara: laktati ya shoki, ketoni za kisukari, uchafu wa figo zilizoshindwa, au sumu, hasa kipoza injini cha gari chenye ethilini glaikoli. Pengo likiwa la kawaida na Cl iko juu, hapo fikiria kuharisha kulikobeba bikaboneti, au chumvi ya dripu ya 0.9% iliyomiminwa nyingi. Ila albumini ikiwa chini sana pengo linashuka, linaweza kukuficha asidi, hilo likumbuke kwa mbwa aliyekonda au mwenye minyoo mingi.

Rudi kwa mbwa wetu. Laktati 5.2, ya kawaida iko chini ya 2.5, kwa hiyo shoki ipo lakini laktati imezidi kwa kama 3 tu wakati bikaboneti imepungua 13. Haitoshi kueleza yote. Wengi wanaishia hapa wanaandika "shoki" wanafunga faili. Sukari 3.3 inaondoa wazo la kisukari. Sasa gawa Na kwa K, unapata kama 17, tunategemea izidi 27. Halafu weka stetoskopu kifuani, moyo unapiga 56 kwa dakika, kwa mbwa mwenye shoki ambaye ungetegemea apige 140 au zaidi. Potasiamu ndiyo inayouvuta chini.

Vyote hivyo vikikaa pamoja shuku ugonjwa wa Addison, tezi za adrenali zimeacha kutoa homoni, figo zinamwaga sodiamu na kubakiza potasiamu na asidi, maji yanapungua mwilini, uchafu wa figo unapanda, na ndiyo unaojaza sehemu ya lile pengo. Ila usiapize. Mkojo ulioziba, kibofu kilichopasuka, figo zilizokufa ghafla na minyoo ya mjeledi inayoharisha sana vinaweza kutoa namba zinazofanana, kwa hiyo shika kibofu, pima kreatinini, piga ultrasaundi ya tumbo. Kotisoli ya damu, homoni ya tezi za adrenali, ikizidi 55 nmol/L Addison inakuwa haielekei kabisa, ikiwa chini fanya kipimo cha kuchokoza tezi hizo kwa ACTH, homoni inayoziamuru zitoe kotisoli. Damu hiyo itoke kabla ya haidrokotisoni au predinisoloni, manake zinavuruga kipimo. Deksamethasoni haivurugi.

Matibabu hayasubiri kipimo. Dripu 10 mpaka 20 ml kwa kilo ndani ya dakika 15 hadi 20, pima tena hali yake, rudia ikibidi. Moyo ukiwa taratibu hivyo, kalsiamu glukoneti ya 10%, 0.5 mpaka 1 ml kwa kilo, polepole kwa dakika 10 huku unasikiliza au unaangalia ECG, inaulinda moyo ingawa haishushi potasiamu. Bikaboneti ya sindano usiikimbilie kwa pH ya 7.15, kwa mbwa kama huyu maji yenyewe yanarekebisha mengi, na bikaboneti inaongeza sodiamu na kushusha kalsiamu ambayo moyo unaihitaji sasa hivi.

Rudia gesi baada ya saa moja au mbili. Laktati ikishuka na pengo likabaki juu, rudi kwenye figo na sumu. Na iangalie sodiamu kila saa chache, isipande zaidi ya 10 kwa saa 24, yaani huyu wa 128 kesho muda kama huu asipite 138, ikipanda kwa kasi ubongo unaumia na dalili zake zinaweza kutokea siku kadhaa baadaye, mbwa akiwa ameshapelekwa nyumbani.